Sikuvaa helmeti: bima inaweza kunikata asilimia 40?

Swali: Nilikuwa abiria kwenye pikipiki, sikuwa na helmeti. Gari lilitoka barabara ndogo bila kusimama likatugonga. Nilivunjika mguu na kuumia kichwa. Bima ya mwenye gari inasema nimechangia asilimia 40, kwa hiyo wanilipe 60 tu ya madai yote. Ni halali?

Jibu: Pole sana, ndugu. Kukukata wanaweza, ila si kwa kiasi hicho wala si kwenye madai yote.

Kwanza utenganishe mambo mawili ambayo bima hupenda kuyachanganya: nani alisababisha ajali, na nani alichangia madhara. Kichwa kikiwa wazi hakiwezi kulifanya gari litoke barabara ndogo bila kusimama. Kwa ajali yenyewe huna lawama hata chembe. Uzembe wako unahusu majeraha tu, tena yale ambayo helmeti ingeyazuia au kuyapunguza. Mguu haumo.

Kwa nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, kesi inayotumika kama kipimo ni ya Froom na Butcher, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1975. Froom aliendesha gari bila kufunga mkanda, akagongwa na dereva ambaye ndiye mwenye kosa lote la ajali. Aliumia kichwa na kifua, na akavunjika kidole. Mahakama ilisema hivi: kama mkanda ungeyazuia majeraha kabisa, fidia ipungue kwa asilimia 25, kama ungeyapunguza makali kwa kiasi kikubwa, asilimia 15, na kama yangetokea vilevile, isipungue hata senti. Kidole kingevunjika hata kama angefunga mkanda, kwa hiyo fidia ya kidole haikuguswa, na kwa jumla Froom akapunguziwa asilimia 20. Viwango hivi ni mwongozo tu, na mahakimu huvitumia hata kwenye kesi za helmeti. Ukivilinganisha na hiyo 40, utaona mwenyewe.

Sasa tuseme hasara yako yote ni milioni 12. Mguu, yaani upasuaji, maumivu na mshahara wa miezi uliyokaa nyumbani, ni milioni 7. Kichwa ni milioni 5. Daktari anasema helmeti ingepunguza sana jeraha la kichwa, ila usingetoka salama kabisa. Hapo unakatwa asilimia 15 ya milioni 5, yaani 750,000, na unabaki na 11,250,000. Kwa hesabu ya bima ungepata milioni 7.2. Angalia pia mshahara umewekwa upande gani. Kama ni mguu uliokuzuia kufanya kazi, usikubali mshahara uhesabiwe kwenye kichwa, maana huko ndiko unakokatwa.

Hiyo 40 wameipata wapi? Mimi nashuku wamekubebesha na lawama za mwendesha pikipiki, labda kwa madai kwamba alikuwa kasi. Hilo ni kosa. Uzembe wa aliyekubeba si uzembe wako. Kama naye alikosea, basi una wadaiwa wawili, na kwa kanuni ya zamani ya sheria hiyo unaweza kumdai yeyote kati yao fidia yote unayostahili, kisha wao wagawane mzigo. Baadhi ya nchi zimeibadili kanuni hiyo kwa sheria zao, kwa hiyo muulize wakili wa hapo ulipo. Hali ingekuwa nyingine kama ungepanda huku ukijua mwendeshaji amelewa. Hapo lawama ni yako mwenyewe, na makato huongezeka.

Usisahau kwamba mzigo wa kuthibitisha ni wao. Mdaiwa anatakiwa aeleze uzembe wako kwenye hati yake ya utetezi, kisha alete ushahidi wa kitabibu kwamba helmeti ingeleta tofauti. Kusema tu “hakuvaa” hakutoshi. Kama jeraha lako liko kwenye taya na helmeti za kawaida huko huishia juu ya masikio, hoja yao inaweza kufa hapohapo.

Kabla ya 1945 huko Uingereza, mdai aliyechangia madhara hata kidogo aliweza kukosa fidia yote. Majimbo machache ya Marekani, kama Virginia na Alabama, bado yana kanuni hiyo kali. Ndiyo maana wakili wako atauliza kwanza ajali ilitokea wapi.

Kwa sasa waandikie bima uwaombe mchanganuo: asilimia ngapi kwa jeraha gani, na kwa ushahidi upi. Muombe daktari wako aeleze kila jeraha kivyake. Na usisaini hati ya malipo ya mwisho kabla ripoti hiyo haijatoka, kwa sababu ukishaisaini, hata hesabu yao ikiwa mbovu, ni vigumu sana kuifungua tena.