Masafa ya wastani na masafa ya utabiri

"Mbona `predict()` ya R, kwa mstari wa regresheni wa y juu ya x, inanipa ±1.66 nikiandika `confidence`, na ±8.44 nikiandika `prediction`, ilhali x ni ileile?"

— Ya kwanza yanakadiria wastani wa y kwa wote wenye x hiyo. Ya pili yanamlenga mmoja mpya, naye ana kuyumba kwake. Tuseme data ni n = 25, mkengeuko wa mabaki ni s = 4, x ipo kwenye wastani wake: 4√(1/25) = 0.8, lakini 4√(1 + 1/25) = 4.08. Zidisha kila moja kwa t ya asilimia 95, 2.069. Hiyo 1 iliyoongezwa ndani ya √ ndiyo kuyumba kwa huyo mmoja.

— Basi ongeza data, yote yatabana.

— Ya wastani tu. Hata n ikifika 2500, ya utabiri yanakwama karibu na ±7.8.

— Yangu ni data ya kila mwezi, mabaki yanafuatana. Fomula hii bado inafaa?