Tanga la ngalawa mbele ya saa ya simu

Kama unataka ile saa ya simu inayojificha kidogo nyuma ya kitu kilichomo kwenye picha, anza na ngalawa. Usianze na mlango wa Mji Mkongwe, hata uwe na nakshi na misumari ya shaba namna gani. Mlango umejaa picha nzima, bapa. Simu haioni kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma. Tanga ni pana chini na jembamba juu, nyuma yake pana mbingu tupu. Linapanda mpaka linaigusa saa bila kuimeza, na hilo ndilo simu inalolitaka.

Ninayoizungumzia hapa ni iPhone, kuanzia XS na XR kuja juu, yenye iOS 16 ya mwaka 2022 au mpya zaidi. Simu nyingine nazo zina mambo yanayofanana, lakini vitufe vyao ni vyengine.

Mpwa wangu alinijia na picha ya ngalawa aliyoipiga Nungwi, mbingu imeshaanza kuwa rangi ya machungwa. "Mjomba, mwenzangu saa yake iko nyuma ya kichwa cha paka, yangu mimi inapanda juu ya tanga." Nikamwambia aifungue kwanza ndani ya Photos, aweke kidole juu ya ngalawa na akishikilie. Ukifanya hivyo, simu huzungusha mstari wa mwanga pembezoni mwa kile inachokihesabu kuwa ndicho kitu chenyewe. Ikizungusha ngalawa nzima pamoja na tanga, una matumaini. Isipozungusha chochote, tafuta picha nyengine kabla hujapoteza jioni yako. Yake ilizunguka vizuri, ila ncha ya foromali, ule mti mwembamba unaotokeza juu ya tanga, ikaachwa nje. Vitu vyembamba ndivyo vinavyoisumbua simu: kamba, foromali, makuti ya mnazi. Huko kwenye saa utaona tanga limepita mbele ya tarakimu, na kamba yake imekatwa ghafla kama imeliwa na panya. Kama picha umetumiwa kwa WhatsApp, mwombe aliyeipiga akutumie kama faili, maana picha iliyobanwa kingo zake hufifia na mkato unazidi kuwa mbaya.

Hatua zenyewe ni fupi. Fungua simu kwa uso au namba bila kuondoka kwenye skrini ya saa, kisha bonyeza na ushikilie mpaka skrini irudi nyuma kidogo. Gusa alama ya kuongeza, chagua picha. Chini kulia pana nukta tatu. Ndani yake ndimo mnamokaa Depth Effect, yaani kile kina kinachoipeleka saa nyuma ya tanga. Ikiwa imefifia haigusiki, simu inakwambia kwamba kwa namna picha ilivyokaa haiwezi, na mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili: tanga halijaifikia saa, au limeifunika kupita kiasi.

La mpwa wangu lilikuwa limepita kiasi. Watu hapa hukimbilia kuipunguza picha kwa vidole, na kwenye iOS 16 picha ikishajaza skrini haipungui zaidi ya hapo. Fanya kinyume chake. Ikuze kidogo, kisha ivute chini kwa vidole viwili. Ncha ya tanga itashuka, mbingu ya juu itaingia, na utaona saa inateleza kwenda nyuma mara tu kipimo kinapokubali. Sharti lake ni kuwa picha iwe na mbingu ya kutosha juu ya tanga. Kwa hiyo unapopiga, simamisha simu wima, acha nafasi juu, na liweke tanga katikati. Skrini ni ndefu kuliko picha ya kawaida ya kamera; ukiubakisha urefu wote, upana unaosalia ni kama sehemu tatu kati ya tano. Ngalawa iliyokaa pembeni itakatwa.

Sasa rangi, na hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Ukigusa saa yenyewe wakati wa kuhariri, kinafunguka kisanduku cha maandishi na rangi. Rangi ya mwanzo simu imekuchagulia kutoka kwenye picha, na mara nyingi ni ya heshima, lakini haijui kwamba saa yako inapita nyuma ya kitu. Kosa la kawaida ni saa nyeupe na tanga jeupe. Mpaka kati ya viwili hivyo unapotea, na tanga linaonekana limeing'ata tarakimu badala ya kusimama mbele yake. Mimi huiangalia mbingu kwanza: hiyo ndiyo inayoamua saa iwe nyepesi au nzito, maana ndiyo iliyo nyuma ya tarakimu. Halafu naangalia tanga, ili nisichague rangi yake. Picha ya saa saba mchana, mbingu ya buluu inayong'aa na tanga jeupe, inataka buluu nzito ya bahari ya mbali. Picha ya jioni ni rahisi zaidi, kwa sababu tanga limegeuka kivuli cheusi. Hapo saa ya njano iliyopauka, kama rangi ya samli, hukaa vizuri juu ya machungwa. Tuliivuta duara ya rangi mpaka njano, kisha tukausogeza ule mstari wa chini yake upande wa weupe. Njano kali ilikuwa inapiga kelele.

Kwenye umbo la tarakimu, chagua nene. Tarakimu nyembamba ikikatwa na tanga haibaki kitu. Tena kinachofichwa ni sehemu ya chini, na 8 na 9 zina kichwa kimoja. Ukizifunika chini huzitofautishi. Dawa ni kuipeleka ncha ya tanga kwenye zile nukta mbili za katikati, zisizosomwa na mtu. Kwenye kisanduku hichohicho pana alama ya dunia, nayo inakupa tarakimu za Kiarabu za mashariki, ١٢٣. Wazee waliosoma chuo cha Kurani huzipenda, na kwa picha ya jahazi zinapendeza kweli. Ila sifuri yake ni nukta tu, basi tanga likipita hapo hutaiona kabisa.

Limebaki la wijeti ya nyakati za sala, ambayo Unguja na Pemba wengi wanayo. Ukiiweka kwenye mstari wa chini ya saa, kina kinazimika papo hapo na simu haikwambii neno. Mpwa wangu alimaliza kila kitu, akaiweka Maghribi yake chini ya saa, na tanga likarudi nyuma ya tarakimu. Nafasi isiyodhuru ni ile ya juu ya saa, kwenye tarehe: iguse, chagua programu yako ya sala kama inatoa wijeti ya mstari mmoja, nayo itakaa pale kwa maandishi madogo. Mwenye iOS 26 ana njia nyengine, anaweza kuzishusha wijeti mpaka chini ya skrini na kina kikabaki. Huko pia saa yenyewe inavutwa kwa kona ikarefuka. Irefushe kidogo tu, maana kila inavyoshuka ndivyo tanga linavyofunika zaidi.