Sketi ya hanbok huanzia kifuani

Swali: Fundi, mteja ameniletea picha ya hanbok ya Kikorea. Nimemshonea, lakini sketi imelala mwilini, na kati ya koti na sketi tumbo linaonekana. Je, nirefushe koti?

Jibu: Koti usiliguse. Jogori, yaani hilo koti, ni fupi kwa asili. La siku hizi huwa na kama sentimita 26 mgongoni, na mbele huishia chini kidogo ya matiti. Tatizo ni sketi, umeianzishia kiunoni. Chima, yaani hiyo sketi, hufungwa juu ya matiti, na koti huja kufunika mkanda wake.

Ifumue. Chima haikatwi kwa umbo la mwili, ni vipande vya mstatili vilivyounganishwa. Tuseme mteja ana sentimita 88 kifuani, juu ya matiti. Ongeza 18 za kupishana mgongoni, maana sketi hii huzungushwa na uwazi wake hukaa nyuma: mkanda utakuwa 106. Unganisha pana tatu za kitambaa cha 110. Ukitoa mishono na mapindo ya pembeni utabaki na kama 320. Kila rinda lionekane sentimita 2 na lifiche 4, basi marinda 53 yatakula 318. Urefu pima kutoka juu ya kifua hadi sakafuni, mteja akiwa amevaa viatu vyake.

Mkanda utie mabega kama ya kizibao. Zamani ulikazwa kifuani kwa kamba tu. Mabega yalikuja mwanzoni mwa karne ya 20, na ndiyo yanayozuia sketi kushuka. Ndani avae gagulo gumu, la sivyo hata marinda mengi yatalala. Ukimaliza, mwambie anyanyue mikono. Ngozi ikionekana chini ya koti, punguza mabega.

Kwa rangi, koti la kijani na sketi nyekundu ni vazi la bibi harusi mpya. La njano na nyekundu lilivaliwa na msichana ambaye hajaolewa. Muulize mteja shughuli ni ipi kabla hujanunua kitambaa. Ukitaka koti lenye rangi ya pili, kola, ncha za mikono, makwapa na tepe vyote viwe vya rangi hiyo moja. Ule ukanda mwembamba ukingoni mwa kola hubaki mweupe. Ushikize kwa mkono ili ufumuliwe ukichafuka.

Tepe, gorum, ndizo zinazofunga koti, usifiche vifungo vya chuma ukaziacha pambo. Upande wa kushoto wa mvaaji hulala juu ya kulia. Utepe mrefu, kama sentimita 110, ushone kwenye ncha ya kola upande huo wa juu. Mfupi, kama 100, ukae kifuani kulia. Mfupi upite juu ya mrefu, uzungushwe chini yake na kutokezea juu. Kisha pinda mfupi uwe duara, kunja mrefu uwe kitanzi kimoja tu, ukipitishe ndani ya duara hilo kielekee kushoto kwa mvaaji, ukaze, na ncha mbili zining'inie mbele ya sketi. Ukitoa vitanzi viwili umefunga kamba za viatu.