Jibu: Mama mkwe na uji wa mtoto

“Mama mkwe anasisitiza nimpe mtoto wa miezi 3 uji mwepesi. Nimjibuje bila kumvunjia heshima?”

Shikamoo, dada. Kwanza angalia kadi ya kliniki: uzito ukipanda na mtoto akilowesha nepi 6 au zaidi kwa siku, maziwa yako yanatosha. Mimi nilimwambia mkwe wangu, “Asante mama, najua unamhofia njaa, kliniki wamesema maziwa pekee hadi miezi 6, na uji wake wa kwanza utaupika wewe.” Nilipoanza kubishana kuhusu malezi ya zamani aliumia, kwa sababu alisikia kwamba alimlea mume wangu vibaya, lakini alipopewa kazi ya kupika uji huo, alitulia. Uzito ukisimama, nendeni kliniki pamoja naye.