Lyapunov: P = I imekataa, je mfumo si thabiti?

"A yangu ni [0 1, -2 -3]. Nimeweka P = I kwenye AᵀP + PA = -Q, Q ikatoka si chanya. Kwa hiyo mfumo hautulii?"

Hapana, unatulia. Umeanzia upande usiofaa: ukibuni P ukaangukia Q mbaya, umejua tu kwamba P hiyo haikufaa. Anza na Q, weka I, halafu tatua AᵀP + PA = -I. Kwa A yako inatoka P = [1.25 0.25, 0.25 0.25]. Kona ya juu kushoto ni 1.25, determinanti ni 0.25, zote zinazidi sifuri, basi P ni chanya na mfumo ni thabiti. Mizizi ya A ni -1 na -2, inakubaliana.

Ni kweli kwamba Q yoyote chanya inatosha, ila hilo si ruhusa ya kuchagua P yoyote.

Angalia kitu kimoja kilichonipotezea jioni nzima: MATLAB inatatua AX + XAᵀ + Q = 0, kwa hiyo geuza A iwe Aᵀ kwanza:

```
P = lyap(A', eye(2))
```

Usipoigeuza, hukumu ya uthabiti haibadiliki, lakini P unayopata si ya mlinganyo wako. Anayeuliza habari za mfumo wa hatua kwa hatua, mlinganyo wake ni mwingine: AᵀPA - P = -Q.