Kuingia kompyuta ya ofisini kutoka nyumbani bila kuanika poti 3389

"Wakuu, ofisi yetu iko Chumbageni, Tanga, mimi nakaa Pangani. Fundi anataka kufungua poti 3389 kwenye ruta ili nitumie Remote Desktop nikiwa nyumbani. Kuna hatari?"

Ipo, mkuu, mzuie. Poti hiyo ikiwa wazi, roboti za mtandaoni huikuta na kuanza kubahatisha maneno ya siri usiku kucha. Kuihamishia 3390 hakusaidii, kwani wanapekua poti zote.

Mimi natumia VPN ya WireGuard, nikiwa Muheza. Kwenye ruta inafunguliwa poti moja tu, UDP 51820, inayoelekezwa kwenye kompyuta ya ofisi. Asiye na ufunguo hajibiwi chochote, kwa hiyo anayepekua haoni hata kama kuna mlango. Ndani ya VPN ofisi nimeipa 10.8.0.2, laptopu 10.8.0.3. Kisha kwenye kompyuta ya ofisi, PowerShell ya msimamizi, nikaifungia Remote Desktop isipokee mtu wa nje ya VPN:

```
Set-NetFirewallRule -DisplayGroup "Remote Desktop" -RemoteAddress 10.8.0.0/24
```

Jaribu ukiwa nyumbani, VPN imewashwa:

```
Test-NetConnection 10.8.0.2 -Port 3389
```

Ukiona `TcpTestSucceeded : True`, njia iko wazi. Hakikisha pia Windows ya ofisini ni Pro, maana Home haipokei Remote Desktop.

Kabla ya yote hayo, tazama anwani ya WAN kwenye ruta. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 mwanzoni, kama zinavyokuwa nyingi za laini za simu, mtoa huduma amekuweka na wateja wengine nyuma ya anwani moja, na kufungua poti hakutafanya kazi. Hapo omba anwani ya umma, au kodi seva ndogo, kompyuta zote mbili ziunganike nayo.

Kuhusu kasi, tatizo huwa ni ucheleweshaji kuliko ukubwa wa bando. Pangani ni karibu, lakini pakiti zinaweza kuzungukia Dar kwanza. Chini ya milisekunde 100 unafanya kazi vizuri. Ikipita 200 kipanya kinaburuzika, na kupunguza rangi na kuondoa picha ya ukutani hakuondoi mzunguko huo. Hata hivyo faili kubwa la Excel linafunguka huko huko ofisini, kinachosafiri ni picha ya skrini tu. Ndiyo maana nimeacha kufungua folda za ofisi moja kwa moja kupitia VPN.

Kuna kasoro moja inayopoteza watu: neno la siri linakubaliwa, halafu skrini inabaki nyeusi au inakwama. Kama WireGuard inaonyesha `latest handshake` ya hivi karibuni, shuku ukubwa wa pakiti. Pakiti ndogo zinapita, kubwa zinapotea njiani. Weka hii pande zote mbili, chini ya `[Interface]`, kisha zima na washa upya:

```
MTU = 1280
```

Mwisho, zima usingizi wa kompyuta ya ofisi, na kwenye BIOS iweke ijiwashe umeme ukirudi. Vinginevyo utampigia mlinzi kila TANESCO wakikata.