Kabichi ya kuchacha kwa mgonjwa wa presha: chumvi haipunguzwi kwenye chupa, inapunguzwa kwenye sahani

"Wakuu, bimkubwa ana presha na daktari kamwambia apunguze chumvi. Nataka nimtengenezee ile kabichi ya kuchacha ya Wajerumani, nimeshauriwa niweke nusu tu ya chumvi ili iwe salama kwake. Kuna shida? Pia chombo cha plastiki kinafaa? Na inakaa muda gani kwenye friji? Karoti naweza kuchanganya?"

Mkuu, nusu hapana. Kama ushaikata na ushaitia hiyo nusu, rudi jikoni sasa hivi uongeze iliyobaki, mambo mengine utasoma baadaye.

Huo ushauri naujua, hata mi nilipewa neno kwa neno. Kulikuwa na dada mmoja kwenye grupu la WhatsApp anauza chupa zenye vifuniko vya kupumulia, na ukinunua chupa anakupa na somo la bure, na somo lenyewe ndo hilo kwamba mgonjwa wa presha achachushe na chumvi kidogo kwa kuwa "bakteria wazuri watajisimamia wenyewe." Aisee. Nilikuwa na kabichi kilo sita zilizokatwa tayari, nilikuwa namwandalia baba mkwe ambaye presha yake inatusumbua miaka, nikatia chumvi kama gramu 50 hivi nikajiona daktari. Piga hesabu mwenyewe, hiyo ni gramu 8 kwa kilo. Ilitakiwa isipungue 120.

Kilichotokea ni kwamba maji hayakutoka ya kutosha. Chumvi ndo inayovuta maji kutoka kwenye majani, na hayo maji ndo yanayotakiwa kufunika kabichi ili hewa isiifikie, sasa yangu ikabaki nusu iko juu inapigwa na hewa, tena kwenye joto la Dar. Hata wiki haijaisha nikafungua, nikachota na uma, ute ukavutika kutoka kwenye chupa mpaka kwenye sahani kama mlenda wa bamia. Harufu ikawa ya kitu kilichokufa, sio ule uchachu unaokufanya umeze mate. Nikapiga picha nikamtumia yule dada, akajibu "ni probayotiki hizo, ndo zinafanya kazi 😊". Na kiemoji juu! Nami kwa kuwa nilishalipia chupa nne nikaamua kumwamini (mtu akishatoa hela anakuwa mwepesi sana wa kuamini, msinicheke). Nikaiosha osha, nikampakulia mzee.

Usiku ule choo cha kwangu hakikupumzika. Mzee wa watu anaharisha, anatapika, na kwa mtu mzima anayemeza dawa za presha kupoteza maji namna ile sio utani, tukaishia kuwekewa dripu. Shemeji zangu mpaka leo nikibeba hotipoti wanauliza nani kapika. Yule dada nilipomwambia akaniuliza kama nilisterilaizi chupa vizuri, halafu akanitoa kwenye grupu. Sawa.

Sasa nikueleze kwa nini chumvi haigusiki. Kabichi inatoka shamba na kila aina ya bakteria, wa kuozesha na wale wa kutengeneza asidi ya laktiki. Hawa wa asidi wanaivumilia chumvi, wengi wa kuozesha hawaivumilii, kwa hiyo siku za mwanzo kabla uchachu haujajengeka chumvi ndo mlinzi peke yake aliyeko mlangoni. Ukimpunguza, wanaingia wote. Tena chumvi kidogo inaifanya kabichi ilegee na kurojeka kwa sababu vimeng'enya vyake vyenyewe vinaimeng'enya bila kuzuiwa.

Kanuni yangu ni moja: gramu 20 za chumvi kwa kila kilo ya mboga, na kama kwako joto kali panda mpaka 25. Kwenye mizani ya jikoni, sio kijiko! Kijiko cha chai cha chumvi laini ya paketi ni kama gramu 6, cha chumvi ya mawe kinapungua kwa sababu punje zinaacha nafasi, ndo maana mtu anakwambia "vijiko vitatu" halafu yake inatoka poa ya kwako inaoza. Unapima baada ya kutoa majani ya nje na kile kigogo cha katikati. Mfano kabichi imebaki kilo 1 na gramu 400, umeweka karoti gramu 100, jumla kilo moja na nusu, basi chumvi gramu 30, na Dar mi natia 36. Kanda mpaka ilowe, iache nusu saa, shindilia kwenye chupa mpaka maji yapande juu ya kabichi, halafu iwekee kitu kizito ili isielee. Kwenye joto letu ndani ya wiki hivi ishachacha, iingie friji. Wenzetu wa nchi za baridi ndo wanaisubiri wiki tatu, nne.

Mapovu na maji kuwa na ukungukungu ni kawaida usiogope. Utando mweupe bapa juu ya maji nao ni hamira tu, engua uendelee. Ila ukiona ute, au rangi ya pinki, au manyoya ya ukungu ya kijani au meusi, au harufu ya kuoza, mwaga yote. Usikwangue juu ukala chini, usichemshe ukidhani utaiokoa, na usionje ili kuhakikisha, mi nilishaonja kwa niaba yenu.

Haya, bimkubwa na presha yake. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yote kwa pamoja, pamoja na iliyomo kwenye mkate na mchuzi. Kabichi ya gramu 20 kwa kilo, ukimpa gramu 100 ushampa kama gramu 2, karibu nusu ya siku nzima kwa kibakuli kimoja! Kwa hiyo kupunguza kunafanyika hapa mezani. Mpe vijiko viwili vya chakula, ni kama gramu 30, chumvi inakuja kama nusu gramu na ushee. Isuuze kwenye chujio uikamue, chumvi kiasi itaondoka ingawa sio yote. Halafu samaki au mboga ya mlo huo ipikwe bila chumvi kabisa, kabichi ndo iwe chumvi yake. Yale maji ya kwenye chupa asinywe, hata kama kuna mtu kakwambia ni dawa.

Na usije ukajiongeza ukanunua ile chumvi mbadala ya potasiamu ukachachushia bila kumuuliza daktari. Kama anatumia losartani au enalaprili, au figo zake zina shida, potasiamu inaweza kupanda mwilini ikamletea matatizo ya moyo.

Maswali yako mengine hata sijayashika, wadau watakujibu. Ila kama daktari kasema chumvi kidogo kabisa, au ana moyo uliochoka au miguu inavimba, hii kabichi muachie, mkatie mbichi nyembamba na karoti, ukamulie ndimu na pilipili kidogo.